Dhuru au zuru, klabu au kilabu? Maneno ya Kiarabu na Kiingereza kwenye taarifa rasmi

Karani_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni karani wa chama cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Jumamosi tulikuwa na mkutano mkuu, na kama kila mwaka taarifa niliiandaa mimi, mwenyekiti akaisoma. Alipofika ukurasa wa pili ukumbi ukaangua kicheko. Sentensi yenyewe hii, nainakili ilivyokuwa:

"Mwenyekiti alidhuru matawi matatu na kugawa dhawadi kwa wanachama bora, pamoja na dhana za kilimo zenye samani ya shilingi milioni 2."

Mzee mmoja wa Tanga aliyekaa mbele akauliza: "Hayo matawi aliyoyadhuru, majeruhi wamelazwa wapi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mimi nimekulia Shinyanga. Zamani nilikuwa naandika z kila mahali: zahabu, zambi, feza. Mkubwa mmoja wa kazi niliyokuwa nayo kabla ya hii alinisema sana, ndipo nikaanza kuweka dh. Sasa naona nimepitiliza. Programu ya kuandikia ilipiga mstari mwekundu chini ya "dhawadi" tu, nami nikapuuza, nikasema hii mashine Kiswahili itakijulia wapi.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, mnajuaje pa kuweka dh na pa kuweka z, pa th na pa s? Pili, maneno ya Kiingereza. Katibu anataka niandike "klabu", mhazini anataka "kilabu", halafu kuna hiyo programu ya simu ambayo wanachama wote wanaiita "app" na sijui niiandikeje. Taarifa iliyosahihishwa inatakiwa tarehe 15. Naomba kuwasilisha.

Mtoto_wa_Ngambo

Hahahaa! Alidhuru matawi! Pole ndugu yangu, lakini mmezidi nyinyi wa bara.

Mie nakupa dawa moja tu. Maneno haya yametoka Uarabuni, basi angalia herufi yake huko. Kiarabu kina dhali, dhwadi na dhwaa. Zote tatu Mswahili anazitamka dh. Kina zai, hiyo ni z. Kina thaa, hiyo ni th. Sini na swadi zote s. Zuru ni kwa zai, dhuru ni kwa dhwadi. Aliyepita chuo cha Kurani hata juzuu moja hakosei.

Na mkiamua kurudi kwenye asili rudini kweli, msirudi nusu. Ni khabari, khatari, khofu, khasara. Hii "habari" yenu ni kuchoka tu kwa koo.

Mhariri_Mstaafu

Karani, pole kwa yaliyokukuta. Nimesoma prufu kwa miaka mingi, na kosa lako nimelikuta kwa watu wenye shahada kubwa. Usilionee haya.

Kijana wa Ng'ambo kasema kweli katika herufi, ila dawa yake inamfaa aliyesoma chuo. Wewe hukusoma, na wengi wa wanaoandika taarifa nchi hii hawakusoma. Nikupe njia nyingine ninayoitumia mwenyewe, maana hata mimi Kiarabu changu ni cha kuungaunga.

Kila neno la mkopo linalozaa huwa na ndugu. Mtafute ndugu ambaye hujawahi kumkosea. Unataka kuandika kuwa mwenyekiti alikwenda kuyaona matawi. Safari ya namna hiyo inaitwaje? Ziara. Hakuna mtu aliyewahi kuandika "dhiara", hata mlevi. Ziara na zuru ni mtu na nduguye, kwa hiyo z. Dhuru je? Ndugu yake ni madhara. Sasa weka sentensi yako mbele: je, mwenyekiti alifanya ziara au alileta madhara? Jibu ndilo herufi.

Twende na neno la pili. "Dhana" ndugu yake ni kudhani, ni jambo la kichwani. Majembe na pampu za kunyunyizia dawa hazikai kichwani, kwa hiyo ni zana. Ulichoandika ni kwamba mwenyekiti aligawa mawazo ya kilimo, na labda hiyo ingekuwa nafuu kwa bajeti ya chama. La tatu, "samani" ni meza, viti na makabati. Thamani ndugu yake ni kuthamini, na tathmini nayo imo humo humo. Kwa hiyo zana zenye thamani ya shilingi milioni 2. Ukiacha samani, umesema majembe yalikuja na makochi.

Inabaki "zawadi". Huyu sina ndugu wa kukupa, ni wa kukariri. Angalau mashine ilikuonya ukaidharau.

Na hapo ndipo penye mtego. Mashine ilikamata "dhawadi" kwa sababu neno hilo halipo duniani. Dhuru, dhana na samani ni maneno halali ya Kiswahili, kwa hiyo ilipita juu yake kimya. Makosa mabaya ya dh na z ni yale ambayo kosa lenyewe ni neno jingine.

Nikuongezee jozi moja ambayo mtu wa mikutano ataikuta kila mwezi: azimio na maadhimisho. Mkutano unaazimia, unatoa maazimio. Kumbuka Azimio la Arusha la 1967, limeandikwa kwenye kila kitabu cha shule kwa z. Lakini miaka kumi ya chama inaadhimishwa, na sherehe yake ni maadhimisho, kwa dh, kwa sababu asili yake ni kukifanya kitu kuwa adhimu, yaani kikubwa. Mabango ya "maazimisho ya Mei Mosi" nimeyaona mpaka nimechoka kuyahesabu.

Kanuni moja ya kinga kabla sijanyamaza. Neno la Kibantu halina dh wala th katika Kiswahili sanifu. Kuzaa, mzazi, kuuza, kizazi, mzigo: usiyaguse. Dh ni alama ya ugeni. Kama unaweza kulichambua neno likabaki na mzizi wa kwetu, acha z yake.

Habari ya khabari nitairudia, chai imepoa.

Baba_Ramadhani

Wakuu nimeona mnaongelea dh na z nikasema hapa ndipo penyewe. Mwanangu cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ramazani, vyeti vyake vya shule vyote Ramadhani. Sasa anaomba mkopo wa chuo anaambiwa ni watu wawili. Nani ana haki hapa? Kwa hiyo niende nikawaambie kwamba kamusi inasema dh?

Mwalimu_wa_Thika

Hamjambo nyote. Ama kwa hakika mada hii imenigusa moyo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huku Kenya. Jibu la swali la pili la ndugu Karani ni jepesi: tusikope hata kidogo! Kwa nini tuseme kompyuta ilhali tuna tarakilishi? Kwa nini redio, televisheni, simu ya mobaili? Tuna runinga, tuna rununu. Mwanafunzi wangu akiandika kompyuta kwenye insha humwekea alama ya kuuliza. Tuitumie hazina yetu.

Mtoto_wa_Ngambo

Mwalimu, "hazina" uliyoitaja mwisho ni ya Kiarabu. Tuirejeshe?

Mwalimu_wa_Thika

😅 Nimekubali hilo bao. Lakini hoja yangu ipo.

Mhariri_Mstaafu

Mwalimu, heshima kwako, ila Karani hakuuliza kama akope. Wanachama wake wameshakopa bila kumwuliza. Anauliza liandikweje. Na ukimwekea mkulima wa Mvomero "tarakilishi" kwenye taarifa, atadhani ni jina la mkaguzi.

Baba Ramadhani, hapo kamusi haina kazi. Jina la mtu haliandikwi kwa sanifu, linaandikwa kama lilivyo kwenye hati yake ya kwanza. Kuna Khadija na Hadija, Athumani na Othman, na kila mmoja yuko sahihi kwa jina lake. Nenda kwa wakili au hakimu uape kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, halafu kiapo hicho kiambatane na maombi. Usiende kubishana nao habari ya herufi, utapoteza siku.

Mama_Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Mimi natafsiri maandishi ya mashirika, na ninasoma hapa nikitabasamu. Kwetu Ramazani ndilo jina lenyewe, watu wengi wanaitwa hivyo na hakuna anayeliona kosa. Tunasema na kuandika feza, zambi, azabu. Hatujapotea, ndivyo masikio yetu yalivyopokea.

Shida inakuja ninapopewa kazi itakayosomwa pia Dar au Nairobi. Hapo ninaandika fedha, dhambi, adhabu. Nikikosea huwa ninakosea kama Karani: mkono unazoea dh, unaitia hadi kwenye waziri. Niliwahi kutuma "wadhiri" katika barua ya kweli. Ile njia ya ndugu ya neno imenifaa leo: waziri, wizara. Asante, Mzee.

Mtoto_wa_Ngambo

Bi Bukavu karibu sana. Mzee Mhariri, umeahidi kunijibu habari ya khabari. Nangoja.

Mhariri_Mstaafu

Sijasahau, mwanangu.

Kiswahili kilipokuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, khaa ilikuwa na herufi yake na haa ilikuwa na yake, kwa hiyo mwandishi hakuwa na la kuamua. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930 kusawazisha maandishi ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa herufi za Kirumi, na msingi ukawa Kiunguja. Msingi huo ndio uliotuachia dh, th na gh, kwa sababu watu wa Unguja walikuwa wanazitamka wazi, na ukizifuta maneno yanagongana, kama tulivyoona kwa majembe ya Karani. Kh haikuwa na bahati hiyo. Watu wengi, hata wa pwani, waliitamka h katika maneno ya kila siku, na ukiandika habari badala ya khabari hugongi neno jingine. Kwa hiyo leo ni habari, hatari, hofu, hasara, hati. Na muhtasari, ambao Karani anauandika kila kikao, nao ulikuwa na kh.

Kh imebaki palipo na sababu. Rais anatoa hotuba. Imamu anatoa khutba siku ya Ijumaa. Neno ni moja kule lilikotoka, lakini sisi tumelipa mavazi mawili kwa kazi mbili. Ukiandika kwamba waziri alitoa khutba bungeni, msomaji atatafuta mimbari.

Ndiyo maana nasema asili ni shahidi mzuri lakini si hakimu. Shahidi wako mwenyewe anakukana mahali pengine. Ile senti 50 mnaiitaje?

Mtoto_wa_Ngambo

Sumni.

Mhariri_Mstaafu

Na huko Uarabuni ni kwa sini au kwa thaa?

Mtoto_wa_Ngambo

...Thaa. Thumuni. Haya Mzee, umenishika. Lakini khatari yangu nitaendelea kuitamka kwa kh mpaka nife.

Mhariri_Mstaafu

Itamke, tena inapendeza. Kuandika taarifa ya chama ni jambo jingine.

Fundi_Mtandao

Naingilia kidogo upande wa mashine. Karani, kama taarifa yako ni ndefu usiisome kwa macho kutafuta jozi hizo, macho yanachoka. Ihifadhi kama maandishi matupu kisha:

```
grep -niE "dhuru|zuru|dhana|zana|samani|thamani" taarifa.txt
```

Itakupa kila mstari wenye maneno hayo pamoja na namba yake, unaupitia mmoja mmoja. Usiongeze `-w` ya kutafuta neno kamili, maana kwa Kiswahili "dhuru" imejificha ndani ya "alidhuru" na "yatakayodhuru", hutaipata. Asiyetumia hii atumie Ctrl+F, neno moja moja, matokeo ni yale yale.

Karani_Moro

Fundi, nimejaribu sasa hivi. Imenipa mistari 19! Mingi ni "kuelezana", "kupongezana" na "wajumbe waliotoa udhuru". Udhuru nao ni kosa?

Fundi_Mtandao

Hapana, hao ni abiria waliopanda bila tiketi. "Kuelezana" ina "zana" ndani yake na "udhuru" ina "dhuru". Mashine haijui maana, inaona herufi. Waruke tu.

Mhariri_Mstaafu

Udhuru ni sahihi kwa dh, na hauna undugu na kudhuru, ingawa wajumbe wengine wanaotoa udhuru kila mara wanakidhuru chama.

Sasa twende kwenye Kiingereza. Huko mambo yamegeuka. Kwa Kiarabu tulihangaika na herufi za kutunza. Kwa Kiingereza kazi kubwa ni kuzitupa. Kiingereza kinaandika herufi ambazo hakuna anayezitamka, na Mswahili wa kwanza aliyelibeba neno hakuliona kwenye karatasi, alilisikia. Angalia "risiti". Kule ina herufi ya sita isiyosikika kabisa, sisi hatukuibeba kwa sababu haikufika sikioni. "Saini" vile vile, g yake imebaki Uingereza. Na kwa nini kompyuta, meneja, mita na rula zinaishia na a? Kwa sababu Mwingereza aliyekuja kutawala hakuwa akiitamka ile r ya mwisho. Angekuja Mmarekani labda leo tungekuwa na "kompyutari".

Kwa hiyo neno jipya lisilo na maandishi yaliyozoeleka, liandike unavyolisikia kwa alfabeti yetu. Hatuna q wala x, na c haitembei bila h. Hatuandiki konsonanti mbili zinazofanana kama neno linasikika na moja: ni milioni na bilioni kwa l moja, ni ofisi kwa f moja, ni profesa kwa f moja. Karani, umeandika "milioni" vizuri, nikupongeze. Kwenye taarifa za fedha "millioni" ni ugonjwa. Mwisho wa neno weka irabu: benki, stempu, programu. Mwanzoni huna haja ya kuingiza irabu kwa nguvu: stesheni, spika, plastiki zinasimama vizuri.

Mama_Bukavu

Mzee, lakini sikio la nani? Sisi tulisikia Kifaransa. Mnapoenda ofisini sisi tunaenda biro.

Mtoto_wa_Ngambo

Na sie Zanzibar watoto wanakwenda skuli, imeandikwa mpaka kwenye mabango ya serikali. Nyinyi wa Tanganyika mnakwenda shule kwa sababu mlitawaliwa na Mjerumani. Sie hakutufikia.

Mhariri_Mstaafu

Swali la Mama Bukavu ndilo gumu kuliko yote, na sitajifanya nimelimaliza. Jibu langu la kazini ni hili: sikio ni la neno jipya tu. Neno likishakaa kamusini, kamusi inashinda sikio. Mfano ni biolojia. Kwa sikio la Kiingereza ingekuwa "bayolojia", na wapo wanaoandika hivyo. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1990 walitoa kamusi ya masomo ya sayansi na kwenye jalada wakaweka biolojia, fizikia na kemia. Saikolojia kwa upande wake imeanza kwa sikio, p ikaachwa, ikamalizia kwa mkia ule ule wa -lojia. Hakuna mantiki moja hapo, kuna mazoea. Mhariri hatafuti mantiki, anatafuta neno lisilomchelewesha msomaji.

Na mahali pa kuchapishia pana sauti yake. Nikihariri kitabu cha Zanzibar siondoi skuli nikaweka shule, hilo ni jambo la adabu.

Karani_Moro

Nimeelewa sana. Sasa klabu na kilabu? Katibu na mhazini hawasemeshani.

Mwalimu_wa_Thika

Ruhusa niseme, na safari hii sipotei njia. Kilabu, kwa kuwa wingi wake ni vilabu, kama kitabu na vitabu. Hiyo ki- ya kitabu ilikuwa sehemu ya neno la Kiarabu, Mswahili akaidhania kiambishi, akapata vitabu. Kilabu nacho kikapita njia hiyo hiyo. Neno likishaingia ngeli ya ki-vi limekuwa letu.

Mhariri_Mstaafu

Mwalimu, hapo umepiga penyewe kwa upande wa ngeli. Lakini kwa Tanzania kuna jambo moja Karani aliangalie. Karani, hiyo taarifa inaongelea kilabu gani?

Karani_Moro

Chama kimewafadhili vijana wa mpira, "klabu ya vijana ya kata". Jezi na mipira.

Mhariri_Mstaafu

Basi katibu ameshinda, na wewe umeponea chupuchupu. Huku kwetu ukisikia kilabu, kwanza mtu anawaza kilabu cha pombe, pale wanapouza komoni na ulanzi. Timu ya mpira ni klabu. Ungeandika "chama kimekifadhili kilabu cha vijana cha kata", yule mzee wa Tanga angesimama tena.

Ni jambo lile lile la hotuba na khutba. Neno moja, maandishi mawili, kazi mbili. Ajabu ni kwamba kwenye wingi vyote vinarudi kuwa vilabu, na magazeti yanaandika "vilabu vya soka" bila mtu kuwaza pombe. Sina maelezo zaidi ya kwamba lugha haikukaa kikao.

Una jozi kama hiyo kwenye kazi yako yenyewe. Mwanachama akinunua mbolea dukani anapewa risiti. Mkulima akipeleka korosho au ufuta ghalani anapewa stakabadhi, na mfumo mzima unaitwa stakabadhi ghalani. Yote mawili ni karatasi ya kukiri kupokea, moja ya Kiingereza, moja ya Kiarabu. Usizibadilishane ili kupamba taarifa. Na ukiandika stakabadhi ghalani, ni dh mwanzo na gh mwisho. Nimewahi kuliona hilo likiandikwa "stakabazi galani" kwenye tangazo zuri la rangi.

Baba_Ramadhani

Gh nayo ina wenyewe. Hapa mtaani kuna mama lishe ameandika "Mghahawa".

Mtoto_wa_Ngambo

Huyo katia gh kwa uroho. Ni mgahawa, kwa g kavu. Waarabu wa Ghuba kahawa wanaiita gahwa, ndiko ulikotoka.

Karani_Moro

Imebaki app. Nikiiandika kama ilivyo inakaa kama nzi kwenye maziwa.

Mhariri_Mstaafu

Neno ambalo halijakaa mimi hulipima kwa kulifanyisha kazi. Angalia "ripoti" na "saini": tunasema imeripotiwa, mkataba umesainiwa, amenisainia. Neno linalokubali kunyambuliwa hivyo limeshahamia, liandike kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Jina la kitu lipime kwa upatanisho na kwa wingi. "Akaunti yangu imefungwa, akaunti zao zimefungwa": halisiti.

Hiyo yako iandike "apu" uisome kwa sauti: "Wanachama 40 wamejiunga na apu ya chama." Mimi linanikwama kidogo, labda ni uzee. Kwenye taarifa rasmi ningeandika "programu ya simu" mara ya kwanza, halafu "programu" mpaka mwisho. Kila mwanachama ataelewa. Kama programu ina jina lake la kibiashara, jina hilo uliache lilivyo kwenye kioo cha simu, maana mtu atalitafuta kwa herufi zile zile.

Fundi_Mtandao

Mzee, hapo sikubali. Programu ni nyingi, hata ile ya kuandikia ni programu. Apu ni ile ya simuni tu. Vijana wote wanasema apu, wingi apu, "apu zimejaa". Limeshahamia hilo.

Mwalimu_wa_Thika

Huku Kenya pia nimeanza kuliona apu likichapishwa. Naona uchungu, lakini nimeliona.

Mhariri_Mstaafu

Huenda mko mbele yangu. Karani achague moja, asichanganye. App ukurasa wa kwanza, apu wa tatu na programu wa tano ni kosa kubwa kuliko lolote kati ya hayo matatu.

Karani_Moro

Nimechagua programu ya simu, wanachama wangu wengi ni watu wazima. Nashukuruni sana. Sehemu iliyosahihishwa hii hapa:

"Mwenyekiti alizuru matawi matatu na kugawa zawadi kwa wanachama bora, pamoja na zana za kilimo zenye thamani ya shilingi milioni 2. Aidha, chama kiliifadhili klabu ya vijana ya kata. Mkutano uliazimia kwamba maazimisho ya miaka 10 ya chama yafanyike Desemba, na kamati maalum iundwe."

Mama_Bukavu

Karani, maazimisho!

Karani_Moro

Jamani. Maadhimisho. Mkono huu una laana.

Mhariri_Mstaafu

Na "maalum" iwe maalumu. Neno la Kiswahili linaishia na irabu.

Mtoto_wa_Ngambo

Hapo tutakesha, Mzee. Maalum ndivyo tunavyosema sie, na bungeni kwenu kuna Viti Maalum, polisi wana Kanda Maalum ya Dar es Salaam. Hao wote hawajui Kiswahili? Na huo mji wenyewe umeishia na m, mbona hamjauongezea u?

Mhariri_Mstaafu

Mji ni jina, na jina haliguswi, nilishamwambia Baba Ramadhani. Viti Maalum nao nauacha ulivyo kwa sababu ni jina la utaratibu rasmi. Lakini kamati ya Karani haina jina, ina sifa tu. Iandikwe maalumu, kama ilivyo muhimu.

Mtoto_wa_Ngambo

Kwa hiyo Mbunge wa Viti Maalum akiingia kwenye kamati ya Karani anakuwa mjumbe wa kamati maalumu. Sentensi moja, maandishi mawili. Nawe ndiye uliyesema tusichanganye.

Mhariri_Mstaafu

Hilo limenikaa kooni, nakiri. Ningebadili sentensi: "kamati ya watu watano iundwe". Ukishindwa kuiamua herufi, likimbie neno.

Karani_Moro

Kamati ina watu saba.

Mhariri_Mstaafu

Basi saba. Kwa s.